Hesabu Vigae Kabla ya Kuziba

Ukiondoa mtumbwi kwenye picha ya ufukwe na kuziba pengo kwa mchanga wa pembeni, ni watu wachache watakaogundua. Mchanga hauna utaratibu ambao jicho linaweza kuufuata, na punje zilizohamishwa hazitofautiani na zile zilizokuwapo. Jaribu kufanya hivyo hivyo kwa friza iliyosimama juu ya sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na hata mtoto ataonyesha kwa kidole mahali palipoguswa. Sakafu ya vigae ina ahadi ndani yake: kila mstari unaendelea mpaka ukutani, kila kigae ni sawa na mwenzake, na rangi zinapokezana bila kukosea. Kiraka kinachovunja ahadi hiyo kwa upana wa kidole tu huonekana mara moja. Hoja ya sura hii ni kwamba kosa hilo halitokani na mkono mzito wala programu duni. Linatokana na kupima kiraka kwa pikseli za picha badala ya kukipima kwa vigae vya sakafu, na dawa yake ni kuilaza sakafu kwanza, kuziba, kisha kuirudisha ilivyokuwa.

Jambo hili ni la zamani kuliko kamera. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha uchoraji kiitwacho De pictura, aliwafundisha wachoraji wa Italia kujenga kina cha picha kwa kuchora sakafu ya miraba. Aliwaachia pia kipimo cha kujikagua: ukipitisha mstari mmoja ulionyooka kutoka pembe ya mraba mmoja hadi pembe ya mraba unaofuata kwa mshazari, mstari huo unapaswa kupita kwenye pembe za miraba yote iliyo mbele yake bila kupinda. Ukikosa pembe, sakafu imechorwa vibaya. Kipimo hicho tutakihitaji baadaye, kwa maana hakuna kingine kinachofichua kiraka kibovu haraka hivyo.

Tuangalie kinachotokea kwa kigae kinapokwenda mbali na kamera. Chukua picha ya ukumbi iliyopigwa kwa simu, yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha 3,000. Kamera imeshikwa mita 1.5 kutoka sakafuni, imetazama mbele bila kuinamishwa, na lenzi yake ni ile pana ya kawaida ambayo urefu wake wa mwelekeo, ukihesabiwa kwa pikseli, ni kama 3,000. Vigae ni vya sentimita 40 kwa 40. Kigae ambacho ukingo wake wa mbele uko mita 3 kutoka kwenye kamera kitaonekana na upana wa pikseli 400 na kimo cha 176 hivi. Kigae kingine cha aina ile ile kilicho mita 6 kitakuwa na upana wa 200, yaani nusu, lakini kimo chake kitakuwa 47 tu. Umbali umeongezeka mara mbili. Upana umepungua mara mbili, kimo kimepungua karibu mara nne. Hapo ndipo linapovunjika jibu la kwanza ambalo wengi hulikimbilia, la kunakili kigae cha karibu na kukipunguza kwa nusu ili kifae mbali. Ukikipunguza hivyo utapata kimo cha 88 mahali panapotaka 47. Hakuna kiwango kimoja cha kupunguza kitakachofaa, kwa sababu upana na kina havisinyai kwa kasi moja.

Mtu anaweza kusema: basi nisichukue mbele wala nyuma, nitachukua kiraka kutoka ubavuni, safu ile ile, ambako umbali ni sawa. Pingamizi hili lina nguvu, na ndiyo maana njia hiyo huonekana kufaulu mtu anapotazama picha ndogo kwenye kioo cha simu. Lakini kigae kimoja tu kina umbali mbili ndani yake. Ukingo wa mbele wa kile kigae cha mita 3 una pikseli 400, na ukingo wake wa nyuma, ulio mita 3.4, una 353. Ukihamisha kiraka vigae viwili kwenda kulia, mbele kunatakiwa kusogea pikseli 800 na nyuma 706. Muhuri wa kawaida wa kunakili husogeza vyote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo ukingo mmoja ukikaa mahali pake, mwingine utakosea kwa pikseli karibu 100. Matokeo yake ni mstari wa grauti unaolala upande usio wake: mistari yote ya ukumbi inaelekea kwenye nukta moja ya mbali, na huu peke yake umekengeuka.

Kulaza sakafu ni kuibadilisha picha ili vigae vyote vionekane miraba iliyo sawa, kana kwamba kamera ilining'inizwa darini ikatazama chini. Unachohitaji ni pembe nne za mstatili ulio sakafuni, ambazo unajua zinapaswa kuangukia wapi kwenye picha iliyolazwa. Pembe nne zina namba nane, na badiliko la mtazamo kutoka bapa moja kwenda jingine lina vitu vinane visivyojulikana. Kwa hiyo nne zinatosha, pungufu ya hapo hazitoshi. Sifa kuu ya badiliko hili ni kwamba mstari ulionyooka hubaki umenyooka. Kinachobadilika ni vipimo na pembe, na hivyo ndivyo tunavyotaka kuvirekebisha. Programu zinazoficha hesabu hiyo nyuma ya pazia zipo tangu zamani: Photoshop ilipata kichujio cha `Vanishing Point` katika toleo la CS2 la mwaka 2005, na GIMP, ambayo ni ya bure, ina kifaa kiitwacho `Perspective Clone`. Katika kichujio kile cha Photoshop unabofya pembe nne na wavu unachorwa juu ya sakafu. Wavu wa buluu unakubalika, wa njano au mwekundu unamaanisha kwamba pembe zako haziwezi kuwa za mstatili halisi. Hata hivyo wavu wa buluu hauhakikishi kwamba umebofya sawasawa, ila tu kwamba hesabu inawezekana.

Sasa turudi ukumbini. Ukumbi una upana wa mita 6, yaani vigae 15, na ukuta wa mbele uko mita 7 kutoka kwenye kamera. Katikati imesimama friza yenye upana wa sentimita 120, kina cha 60 na kimo cha 85, uso wake ukiwa mita 4.2 kutoka kwenye kamera. Mahali inapokaa ni padogo: vigae vitatu kwa kimoja na nusu, jumla vinne na nusu. Lakini kamera haioni nyuma ya friza. Uso wa mbele, kwa jinsi unavyokinga macho, unafunika sakafu yote kuanzia mita 4.2 hadi ukutani, ambayo ni safu saba. Na kwa kuwa mistari ya macho inatanuka kadiri inavyokwenda, upana unaofunikwa unaanza na vigae vitatu mbele na kuishia na vitano ukutani. Vigae vilivyopotea ni 28. Juu ya hapo, ukuta wenyewe umefichwa mpaka kimo cha sentimita 55, pamoja na skatingi ya chini yake. Hesabu hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata, na nashangaa ni mara chache kiasi gani huonyeshwa. Anayedhani anaziba vigae vinne na nusu atatafuta kiraka kidogo, na kitamwishia njiani.

Kwenye picha pengo hilo lina umbo la mstatili. Kwenye sakafu iliyolazwa linageuka kuwa umbo linalotanuka kama koni iliyokatwa ncha, na hapo unaweza kuhesabu vigae kimoja kimoja. Kwa kulaza, chagua pembe zilizo mbalimbali kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kosa la pikseli mbili kwenye mstatili mdogo hukuzwa linapofika ukutani. Katika mfano huu nimechukua mstatili wa vigae tisa kwa safu tisa, kuanzia mita 3.4 hadi ukutani, na kila kigae nimekipa pikseli 300. Anayetumia ImageMagick ataandika hivi:

```
magick ukumbi.png -alpha set -virtual-pixel transparent \
  -define distort:viewport=4500x2700+0+0 \
  -distort Perspective "1229,2143 900,0  2771,2143 3600,0 \
  3588,2824 3600,2700  412,2824 900,2700" sakafu.png
```

Kila jozi inaanza na mahali pembe ilipo kwenye picha, kisha mahali inapokwenda. Namba 900 ya upande wa kushoto inaacha nafasi ya vigae vitatu nje ya mstatili, na kulia vivyo hivyo, ili sakafu yote ya vigae 15 iingie. Wakati wa kurudisha, jozi zilezile zinageuzwa, mahali pa kwenda pakitangulia, na ukubwa unaandikwa `4000x3000+0+0`. Kwenye GIMP kazi hiyo hufanywa kwa kifaa cha `Perspective` kikiwekwa kwenye `Corrective (Backward)`.

Ukiifungua sakafu iliyolazwa, usishtuke ukiona safu za juu zimefifia. Safu ya mwisho, ile inayogusa ukuta, ilikuwa na kimo cha pikseli 39 kwenye picha, na sasa imevutwa hadi 300. Ukungu huo si hasara, kwani ukirudisha safu hiyo mahali pake utabanwa tena kwa kiasi kile kile. Unakuwa hasara pale tu unapochukua kiraka kutoka safu ya mbali ukakiweka karibu: hapo ukungu hautabanwa, utabaki kama doa la mafuta. Kwa hiyo kanuni ya kuchagua chanzo inakuja yenyewe. Safu ile ile ndiyo bora, safu ya karibu zaidi inakubalika, safu ya mbali zaidi haifai. Kiraka kutoka karibu nacho kina kasoro yake ndogo, kwamba kikishabanwa kinakuwa safi na kikali kuliko majirani zake, nacho hurekebishwa kwa ukungu mwepesi na chembechembe kidogo.

Kuhusu umbali wa kuhamisha, rangi ndizo zinazoamuru. Sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe hujirudia pale tu jumla ya hatua zako za kwenda kando na za kwenda mbele inapogawanyika kwa mbili. Ukihamisha kiraka vigae vitatu kwenda kando, cheusi kitaangukia pa cheupe. Kwa vigae vyenye maua ambamo vinne hukamilisha ua moja, kila upande peke yake lazima uwe jozi. Katika ukumbi wetu, kwenye safu ya ukutani friza imefunika kigae cha 6 hadi cha 10 kati ya 15. Ongeza kimoja kila upande kwa ajili ya kivuli, iwe 5 hadi 11. Hatua ya vigae vinne inatosha kabisa: cha 5 mpaka cha 8 vinajazwa na cha 1 mpaka cha 4, na cha 9 mpaka cha 11 vinajazwa na cha 13 mpaka cha 15. Kila kigae kimetoka kwenye safu yake mwenyewe, kwa ukali wake mwenyewe, na rangi haikukosea. Mahali kiraka kinapokutana na sakafu ya kweli, pitisha ukingo juu ya mstari wa grauti, maana hapo tayari kuna mstari ambao jicho linautarajia. Ukimaliza, rudisha kiraka peke yake kwenye picha ya asili. Usirudishe sakafu nzima, kwani kila badiliko hulainisha picha kidogo na hakuna sababu ya kulainisha vigae ambavyo havikuguswa.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwenye mwanga, nalo ni la haki. Umbo la sakafu linatii hesabu ya pembe nne, mwanga hautii. Dirisha likiwa kushoto, vigae vyeupe vya kushoto vitang'aa kuliko vya kulia, na viraka vyetu viwili vinapokutana katikati, kati ya kigae cha 8 na cha 9, kutatokea mpaka ulionyooka kati ya mwangaza na giza. Suluhisho lake lilielezwa mwaka 2003 na Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake: badala ya kunakili thamani za pikseli, nakili tofauti kati ya pikseli na jirani yake, kisha acha ukingo wa pengo uamue mwangaza wa jumla. Wazo hilo linafanana na lile linalofanya kazi katika vifaa vya kuponya picha, na ndani ya `Vanishing Point` utalikuta chini ya `Heal`, ambapo `Luminance` hurekebisha mwangaza. Lakini zingatia mpangilio wa kazi. Ukiponya kabla ya mistari kukutana barabara, ukingo mweupe utagusana na kigae cheusi na weupe utavuja ndani yake kama maji kwenye karatasi. Na ukingo ukipita juu ya kivuli cha friza ulichokisahau, kiraka kizima kitatiwa giza. Ndiyo maana kile kigae kimoja cha ziada kila upande si anasa.

Vigae vinavyong'aa vina tatizo jingine ambalo halimalizwi na ponyo lolote. Taswira ya friza iliyoakisiwa sakafuni haiko juu ya bapa la sakafu. Kihesabu iko chini yake, kana kwamba friza nyingine imesimama kichwa chini. Kwa vipimo vyetu, taswira hiyo inaanzia mguuni pa friza na kushuka mpaka inatoka nje ya picha kwa chini, kwa hiyo safu zote za mbele nazo zimechafuka. Upande wa pili, vigae vya pembeni tunavyovinakili vimebeba taswira ya pazia au mlango ulio nyuma yao, na ukivihamisha utahamisha na pazia. Sakafu iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo naiweka nje ya uwezo wa njia hii, isipokuwa picha itatumika kwa ukubwa wa kiganja.

Ukuta hauhitaji maneno mengi. Ukuta unaotazamana na kamera moja kwa moja haupungui upande wowote, hivyo muhuri wa kawaida unatosha, mradi upime. Karatasi ya ukutani ya kipimo cha Ulaya ina upana wa sentimita 53, ambazo kwa umbali wa mita 7 ni pikseli 227. Ikiwa ua lake linajirudia kila sentimita 64 na limepangwa kwa kushuka nusu, basi kuhamia ukanda wa jirani kunataka pia kushuka sentimita 32, yaani pikseli 137. Ukuta wa ubavuni ndio unaohitaji kulazwa, kwa pembe nne zake yenyewe, mbali na zile za sakafu. Mabapa mawili hayawezi kuzibwa kwa kiraka kimoja, na mstari wa skatingi ndio mpaka wake.

Kwa nini basi kujisumbua wakati programu zina kitufe cha kujaza zenyewe? Vitufe hivyo vilienea baada ya mbinu ya PatchMatch ya mwaka 2009, ambayo hutafuta haraka vipande vinavyofanana na mazingira ya pengo, na Photoshop CS5 ya mwaka uliofuata ikaleta `Content-Aware Fill`. Kwenye nyasi, mawe na anga vinafanya kazi nzuri sana. Lakini kipande kinachotafutwa ni cha pikseli, na pikseli za kigae cha mita 4 hazina mfano wake mita 6. Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa watafiti wa mbinu hizohizo. Mwaka 2014 Jia-Bin Huang na wenzake watatu walionyesha kwamba kujaza kwenye majengo na sakafu kunakuwa bora kompyuta inapotambua kwanza mabapa na marudio ya michoro, kisha ikatafuta vipande kwa kufuata mtazamo wa bapa husika. Hata mashine, ili ifaulu, ilibidi ifundishwe kuilaza sakafu.

Kuna picha zinazoikataa njia hii. Lenzi pana sana hupinda mistari karibu na kingo, na badiliko la pembe nne haliwezi kunyoosha kilichopinda. Hapo rekebisha lenzi kwanza, kwa GIMP kupitia `Lens Distortion`. Sakafu iliyotitia, au ya uani yenye mteremko kuelekea mfereji, si bapa moja. Na vigae vilivyopangwa na fundi asiyetumia kamba vitakuwa na mistari inayotangatanga, ambapo kiraka kilichonyooka kupita kiasi ndicho kitakachoonekana bandia. Jinsi ya kujua ni ile ya Alberti. Weka mstari wa mshazari kwenye sakafu halisi, uanzie pembe ya kigae mbele ya pengo, upite ndani ya kiraka, utokee upande wa pili. Ukipita kwenye kila pembe, kazi imekaa. Ukikosa kuanzia ndani ya kiraka, uhamisho wako ndio wenye kosa. Ukikosa hata kwenye vigae ambavyo hukuvigusa, basi lenzi au sakafu yenyewe ndiyo isiyo sawa, na hakuna kubofya upya pembe kutakakosaidia.

Linabaki swali la ukweli wa picha, na silichukulii kwa wepesi. Vigae vile 28 havikuonekana na kamera. Vinaweza kuwa vizima, vinaweza kuwa vimepasuka chini ya uzito wa friza, na kiraka kimeviandika kuwa vizima. Kwa picha ya pambo hilo halimdhuru mtu. Kwa picha ya nyumba inayopangishwa au kuuzwa, anayelipa anainunua sakafu ile, basi andika chini ya picha kwamba friza imeondolewa kwa kuhariri, na utunze picha ya asili ili mpangaji akiiomba aipate.